Kazi moja iliyochelewa: Je, ni bahati mbaya au kuna tatizo?
Chati ya penseli na rula inavyomsaidia fundi na mfanyabiashara mdogo kujua kazi ipi aichunguze

Kila mwenye karakana, cherehani au duka la matengenezo anajua malalamiko ya mteja aliyecheleweshewa kazi yake. Katika mabonde ya kilimo cha umwagiliaji, kama vile Ruaha Mbuyuni, malalamiko hayo yana uzito wa pekee. Mkulima wa vitunguu au nyanya akipeleka pampu kwa fundi, shamba halimsubiri. Nyanya zilizoko kwenye maua zikikosa maji kwa siku kadhaa huangusha maua, na hasara hiyo fundi hawezi kuilipa.

Lakini fundi naye ana swali lake. Pampu moja imekaa siku 4, nyingine 8, nyingine 17. Ipi kati ya hizo ni ucheleweshaji wa kawaida wa kazi za kila siku, na ipi ni dalili kwamba kuna jambo limeharibika katika karakana? Akizichunguza zote atapoteza muda, na asipochunguza hata moja, tatizo litajirudia mpaka wateja wahamie kwa jirani.

Kuna njia ya kulijibu swali hilo kwa daftari, rula na kikokotoo cha kwenye simu. Inaitwa chati ya udhibiti. Aliyeibuni ni Walter Shewhart wa kampuni ya Western Electric ya Marekani, iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya simu. Aliichora mara ya kwanza mwaka 1924 ili kuwasaidia wakaguzi wa kiwanda kutofautisha kasoro za kawaida na zile zenye chanzo maalumu. Aina tutakayoieleza leo hutumia kipimo kimoja kwa kila kazi, hivyo inamfaa hata fundi anayepokea pampu moja au mbili kwa siku.

Kwanza pima kitu kimoja

Ndugu msomaji, chati hii inahitaji namba moja tu kwa kila kazi, nayo ni siku zilizopita tangu kazi ilipopokelewa hadi ilipokamilika. Lazima uamue mapema saa inaanza wapi na inaishia wapi, na usibadilishe. Kwa fundi wa pampu, mwanzo mzuri ni siku pampu ilipoingia mlangoni. Mwisho ni siku ilipojaribiwa ikavuta maji, si siku mteja alipokuja kuichukua. Mteja akichelewa wiki moja kwa sababu hana fedha, hilo ni jambo jingine wala lisiingie katika hesabu hii.

Jambo la pili ni kutochanganya kazi za aina tofauti. Pampu ndogo za petroli za inchi 2 na 3 zinaweza kukaa katika chati moja kwa sababu kazi zake zinafanana. Mota ya umeme inayosukwa upya waya ni kazi nyingine kabisa. Ukiiweka humo itaonekana imechelewa kila mara, ilhali ni asili yake kuchukua muda mrefu. Ifungulie chati yake.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa karakana tuliyoitunga kwa ajili ya hesabu. Ina fundi mmoja na kijana msaidizi. Pampu 20 za mwisho, zikipangwa kwa mfuatano zilivyokamilika, zilichukua siku zifuatazo za kazi:

4, 6, 5, 3, 5, 7, 4, 5, 6, 4, 17, 5, 3, 6, 5, 8, 4, 5, 6, 4

Hatua ya kwanza ni kutafuta wastani. Jumla ni siku 112, ambazo ukizigawa kwa 20 unapata 5.6.

Hatua ya pili ndiyo moyo wa njia hii. Angalia kila pampu na ile iliyoitangulia, kisha andika tofauti yao bila kujali ipi ni kubwa. Kutoka 4 kwenda 6 tofauti ni 2, kutoka 6 kwenda 5 ni 1, kutoka 5 kwenda 3 ni 2, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Pampu 20 zinatoa tofauti 19. Jumla yake ni 58, na wastani wake ni 3.05. Namba hii inakuambia kazi zako hupanda na kushuka kiasi gani kutoka moja hadi nyingine, katika mwendo wake wa kawaida.

Hatua ya tatu, zidisha wastani huo wa tofauti kwa 2.66. Namba 2.66 haibadiliki, inatumika kwa karakana yoyote na kazi yoyote inayopimwa kwa njia hii. Mara 3.05 inatoa karibu 8.1. Ongeza 8.1 kwenye wastani wa 5.6 na utapata 13.7, ambacho ndicho kikomo cha juu. Ukitoa 8.1 kwenye 5.6 unapata namba iliyo chini ya sifuri, na kwa kuwa hakuna pampu inayoweza kukamilika kabla ya kuletwa, kikomo cha chini hakina kazi hapa.

Sasa chora. Kwenye karatasi ya miraba, andika namba za pampu 1 hadi 20 kwa chini, na siku kwa pembeni. Weka nukta ya kila pampu na uziunganishe kwa mstari. Piga mstari wa rula kwenye 5.6 na mwingine kwenye 13.7. Utaona nukta zikipanda na kushuka karibu na mstari wa kati, isipokuwa moja. Pampu ya 11, yenye siku 17, imeruka juu ya kikomo. Hiyo ndiyo kazi ya kuchunguza.

Pampu ya 16 isikusumbue

Kabla ya kwenda kwenye pampu ya 11, tuangalie kwanza pampu ya 16, iliyochukua siku 8. Mwenye karakana anaweza kuiona kuwa ni uzembe, kwa sababu imezidi wastani kwa zaidi ya siku 2. Angemwita kijana, akamkaripia, na kumtaka maelezo.

Tazama kilichofuata. Pampu ya 17 ilichukua siku 4 na ya 18 siku 5. Bosi aliyekaripia angesema: "Mnaona? Ukali unasaidia." Lakini hakuna kilichosaidia. Baada ya kazi iliyopanda kuliko wastani, inayofuata mara nyingi hurudi karibu na wastani yenyewe, kama vile ilivyokuwa baada ya pampu ya 6 iliyochukua siku 7, ambapo iliyofuata ilichukua 4. Siku 8 ziko ndani ya kikomo. Pampu hiyo ilikutana na mambo yale yale yanayozikuta zote, yaani kipuri kukosekana siku moja, umeme kukatika, na foleni kuwa ndefu kidogo. Safari hii tu yote yaliangukia kazi moja.

Kumtafutia pampu ya 16 mchawi wake ni kupoteza muda. Isitoshe, kijana anayekaripiwa kwa jambo asiloweza kulizuia huanza kuandika tarehe za uongo daftarini, na chati inakosa maana.

Kuichunguza pampu ya 11

Uchunguzi hauhitaji kikao. Unahitaji daftari lenye tarehe za hatua tano: kupokelewa, kufunguliwa, bei kukubaliwa, vipuri kupatikana na kukamilika. Katika mfano wetu, daftari la pampu ya 11 linasomeka hivi.

Siku ya 2 ilifunguliwa. Sili ya maji ilikuwa imekwisha na maji yanavuja, na beringi imeharibika. Siku ya 3 fundi alimpigia mwenye pampu ili wakubaliane bei, lakini simu haikupatikana, kwani mkulima alikuwa shambani kusiko na mtandao. Pampu ikasogezwa chini ya meza ili kupisha nyingine. Siku ya 12 mwenyewe alikuja kuuliza, na bei ikakubaliwa. Siku ya 13 kijana alitumwa dukani, sili ya kipimo kile haikuwepo, ikaagizwa mjini na kufika siku ya 16. Siku ya 17 pampu ilifungwa, ikajaribiwa na kuvuta maji.

Sasa jiulize swali moja tu: ni kitu gani kilichoikuta pampu hii ambacho hakikuzikuta nyingine? Wengi watakimbilia sili iliyoagizwa mjini. Lakini ukirudi kwenye daftari utakuta pampu nyingine pia zilisubiri kipuri siku 2 au 3, na bado zilikamilika ndani ya kikomo. Kusubiri kipuri ni jambo la kawaida la karakana hii. Jambo la pekee ni zile siku 9, kati ya siku ya 3 na ya 12, ambazo pampu ilikaa chini ya meza ikisubiri neno la mwenyewe. Katika siku zote 17, kazi ya mikono haikuzidi siku mbili.

Dawa inafuata chanzo. Wakati wa kupokea pampu, fundi aandike namba ya pili ya simu, ya ndugu au jirani, na akubaliane na mteja kiasi cha fedha anachoweza kutumia bila kuuliza tena. Gharama ikiwa ndani ya kiasi hicho, kazi inaendelea. Ikizidi, ndipo anapiga simu. Hatua hiyo inachukua dakika mbili mlangoni.

Na sili je? Hilo nalo lina dawa yake, lakini ni dawa ya aina nyingine. Kwa kuwa linazigusa pampu nyingi, dawa ni kuweka akiba ya sili chache za vipimo vinavyotumika zaidi. Hatua hiyo itashusha wastani wa kazi zote. Kwa hiyo chanzo kinachoikuta kazi moja kitibiwe mahali kilipotokea, na chanzo kinachozikuta zote kitibiwe kwa kubadili utaratibu wa karakana nzima. Hapo ndipo faida ya chati ilipo, kwani inakuzuia kuyachanganya haya mawili.

Kokotoa tena, kisha uache

Baada ya chanzo cha pampu ya 11 kujulikana na kurekebishwa, iondoe na ukokotoe upya. Pampu 19 zilizobaki zina jumla ya siku 95, na wastani wa siku 5 kamili. Tofauti za jirani sasa ni 18, jumla yake 34, na wastani wake karibu 1.9. Zidisha kwa 2.66 upate siku 5, na kikomo cha juu kinakuwa siku 10.

Utagundua kwamba pampu moja ilikuwa imekivuta kikomo kutoka 10 hadi karibu 14. Ndiyo maana haifai kuiacha humo baada ya kuielewa. Lakini usiondoe nukta usiyoijua chanzo chake kwa sababu tu inaharibu picha. Huko ni kujidanganya.

Mistari hiyo ya 5 na 10 ibaki ilivyo, na pampu mpya ziendelee kuwekwa nukta juu yake. Usikokotoe kila wiki. Ukifanya hivyo, kikomo kitapanda pole pole pamoja na uzembe wako na hakitakuonya kamwe. Badilisha mistari pale tu utaratibu wa kazi unapobadilika kwa sababu unayoijua.

Kikomo hicho pia kina faida ya moja kwa moja kwa mteja. Mafundi wengi huahidi wastani: "Njoo baada ya siku 5." Lakini wastani maana yake kazi nyingi zitazidi hapo. Katika pampu zetu 19, sita zilizidi siku 5, hivyo wateja sita wangekuja bure. Ukiahidi siku 10, ahadi yako ina uhakika zaidi, na mkulima anaweza kuamua mapema kama aazime pampu ya jirani.

Nukta 8 upande mmoja

Kuna dalili ya pili ambayo haivuki kikomo. Tuseme pampu zilizofuata, ya 21 hadi ya 28, zilichukua siku 6, 7, 6, 8, 6, 7, 6 na 7. Hakuna iliyofika 10, na ukiitazama moja moja hutaona tatizo. Lakini zote nane ziko juu ya mstari wa kati. Ni kama kurusha sarafu mara 8 na kupata kichwa kila mara. Nafasi ya jambo hilo ni 1 kati ya 256. Kwa hiyo nukta 8 mfululizo zikiwa upande mmoja wa wastani, amini kwamba kuna kitu kimehama.

Hapa usichunguze pampu moja, chunguza kilichobadilika pampu ya 21 ilipoingia. Mara nyingi ni foleni. Karakana inayokamilisha pampu 2 kwa siku na yenye pampu 10 ndani, kila pampu itakaa wastani wa siku 5. Kiangazi kikianza, mashamba yote yanamwagiliwa, pampu zinaharibika pamoja, na ndani kunakuwa na 14. Kasi ikibaki ile ile, kila moja itakaa siku 7. Fundi hajawa mvivu, ila amepokea kuliko anavyotoa. Dawa ni kuongeza mikono msimu huo, au kumwambia mteja ukweli na kumpa tarehe ya kuleta pampu badala ya kuipokea ikalale sakafuni.

Mipaka ya chati hii

Chati ina upofu mmoja mkubwa. Inaonyesha kazi zilizokamilika tu. Pampu iliyolala chini ya meza kwa siku 30 haipo kwenye chati mpaka itakapokamilika, na kufikia hapo nyanya zimeshakauka. Kwa hiyo funga kadi yenye tarehe ya kupokelewa kwenye kila pampu, na kila asubuhi tazama zilizoko ndani. Iliyofikisha siku 7 au 8 iulizwe leo inasubiri nini, bila kungoja ivuke 10.

Pili, siku za kazi haziwezi kushuka chini ya sifuri lakini zinaweza kupanda bila mwisho. Kwa sababu hiyo, mara chache nukta itavuka kikomo kidogo bila chanzo cha pekee. Ukichunguza na usikute kitu, usibuni kitu. Andika hivyo daftarini na uendelee. Kikomo kinakualika kuuliza, hakimhukumu mtu.

Tatu, chagua kipimo kinachoendana na kazi. Kama kazi zako nyingi hukamilika siku ile ile, kupima kwa siku kutakupa 1, 1, 1, 2, 1, na hesabu haitakuambia lolote. Pima kwa saa. Anayepeleka maziwa kituoni apime kwa dakika, tangu kumaliza kukamua hadi maziwa kupokelewa, kwa sababu katika joto nusu saa ina maana. Mkulima anayeuza kwa mkopo anaweza kupima siku tangu mzigo upokelewe hadi fedha ziingie mkononi. Nukta iliyovuka kikomo itamwonyesha mnunuzi wa kumfuatilia kabla ya kumpa mzigo mwingine.

Nne, usianze na kazi tatu. Unaweza kuchora mistari ya muda ukiwa na kazi 12, lakini subiri zifike 20 ndipo uiamini. Kwa karakana ndogo hiyo ni kazi ya wiki chache tu, na kinachotakiwa katika kipindi hicho ni tarehe mbili kwa kila pampu, ya kuingia na ya kukamilika, zikiandikwa siku ile ile na si kwa kukumbuka mwisho wa mwezi.